Sahani Ilionyesha E. koli, Slaidi Ikaonyesha Panda

Hotuba kwa wahudumu wa afya ngazi ya jamii na wauguzi wa kliniki za mama na mtoto, Kigoma, katika Wiki ya Unyonyeshaji

Shikamooni mama zangu. Dada zangu, habari za asubuhi. Na wazee wawili niliowaona kule nyuma, shikamooni pia. Nimeombwa niongee nusu saa juu ya maziwa ya mama. Najua mliposikia anayekuja ni mtu wa maabara mkajisemea, huyu atatuletea michoro. Sina mchoro hata mmoja. Nimekuja kuongea habari za kinyesi.

Naanza na kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, katika kituo nilichokuwa nafanya kazi, alikuja mama kutoka upande wa Ujiji na mtoto wa kike wa wiki sita. Alizaliwa na kilo 3.1, siku ile alikuwa na kilo 4.6, hana homa, ananyonya vizuri, na hajapewa kitu kingine zaidi ya ziwa. Kilichomleta ni choo. Mtoto alikuwa anakwenda mara saba, siku nyingine nane. Choo cha njano, chepesi, chenye vipunje vyeupe kama mbegu, kinanuka uchachu kama mtindi. Bibi yake mtoto alishasema huo ni mchango na dawa za mizizi ziko jikoni, ila mama akaona afike kwetu kwanza. Aliyekuwa zamu akaandika kinyesi kioteshwe.

Nikaotesha. Nilichukua agari ya MacConkey, chakula cha kuoteshea bakteria, nikachora sampuli juu ya sahani, nikaiweka kwenye kiangulio cha nyuzi 37. Asubuhi sahani ilikuwa imejaa madoa ya waridi. Nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri kabisa: E. koli, ukuaji mwingi. Karatasi ikapanda ghorofani, mtoto akaandikiwa sharubati ya amoksilini.

Siku ya tano mama alirudi. Choo sasa kimekuwa cha kahawia, kinanuka hasa, mtoto analia usiku na tumbo limejaa. Mama akaniuliza swali ambalo sijalisahau: "Kaka, mbona kabla ya dawa alikuwa mzima?"

Sikuwa na jibu. Nilichokuwa nacho ni slaidi. Siku ile ya kwanza nilipaka kinyesi kwenye kioo kama ilivyo kawaida yangu, nikakiacha kikauke, lakini sikukitia rangi kwa sababu fomu iliomba kuotesha tu. Kilikuwa bado kisandukuni. Nikapaka kioo cha pili kwa choo kipya, nikavitia rangi vyote viwili kwa pamoja: zambarau, ayodini, alkoholi ya kusafishia, kisha nyekundu. Nikaweka tone la oili, nikashusha lenzi kubwa.

Slaidi ya siku ya tano ilikuwa ya kawaida tu. Vijiti vifupi vyekundu, chembe za hapa na pale, uchafu. Ile ya siku ya kwanza ilinifanya nivute kiti. Kila nilipotazama ilikuwa zambarau. Vijiti vingi mno, vingine vimepinda, vingine vimevimba nchani, na vingine, mama zangu, vina panda. Ninyi mliokua na kaka zenu mnaijua panda, ule mti wenye pembe mbili wa kutengenezea manati. Vijiti vidogo vyenye panda, mamia kwa mamia. Na hao wekundu wa E. koli, ambao sahani iliniambia ndio wamejaa? Ilibidi niwatafute. Mmoja hapa, wawili kule.

Sahani haikukosea, mimi ndiye nilisahau sahani ile inaotesha nini. Agari ya MacConkey ina chumvi za nyongo na rangi ambazo zimewekwa makusudi kuwazuia bakteria wanaoshika zambarau. Juu ya hapo kiangulio changu kilikuwa na hewa ya kawaida, na hao wenye panda hawaoti penye oksijeni. Kwa hiyo wenyeji wote wa utumbo ule walifungiwa nje, wakaingia wageni wachache wanaovumilia hewa, wakaota usiku kucha, mimi nikaandika "ukuaji mwingi". Ni sawa na mtu kwenda ziwani na wavu wa macho makubwa, akavuta migebuka wawili, akarudi mwaloni kutangaza kwamba Ziwa Tanganyika halina dagaa.

Wenye panda wanaitwa bifidobakteria. Jina lenyewe linatokana na kule kugawanyika pande mbili. Aliyewaona kwanza ni daktari Mfaransa, Henri Tissier, katika Taasisi ya Pasteur mjini Paris, mwaka 1899, na aliwaona palepale nilipowaona mimi: kwenye kinyesi cha mtoto anayenyonya. Hadubini yake haikuwa bora kuliko ya kituo chetu.

Sasa swali: kwa nini wao? Mtoto anazaliwa utumbo wake ukiwa karibu hauna kitu, halafu katika siku chache anapata bakteria kutoka kwa mama wakati wa kuzaliwa, kutoka kwenye ngozi, kwenye ziwa, kwenye mikono ya kila shangazi anayembeba. Wanaingia wa kila aina. Wanaotangulia ni wale wanaovumilia hewa, E. koli wakiwemo, na kazi yao ni nzuri kwa wakati huo, maana wanaimaliza oksijeni iliyomo. Baada ya hapo, ndani ya siku chache au wiki, kwa mtoto anayenyonya maziwa matupu bifidobakteria wanaweza kuutawala utumbo mkubwa wote. Nani aliwachagua?

Waliochaguliwa, wamechaguliwa na sukari. Na siyo sukari mnayoijua. Maziwa ya mama yana laktosi, kama gramu 70 kwa lita, na hiyo ni chakula cha mtoto. Anaimeng'enya mwenyewe kwenye utumbo mwembamba. Lakini kuna sukari nyingine humo, gramu 5 hadi 15 kwa lita, na kwenye dang'a ya siku za kwanza huzidi 20. Zinaitwa oligosakaridi. Aina zake zimeshahesabiwa zaidi ya 150, lakini zote zimefumwa kwa nyuzi tano tu: glukosi, galaktosi, glukosi yenye naitrojeni, fukosi na asidi ya sialiki. Kinachotofautisha aina moja na nyingine ni namna nyuzi hizo zilivyounganishwa.

Na mtoto hawezi kuzila. Tuliposomeshwa chuoni hili lilipitwa haraka, na mimi naona ndilo jambo lenyewe. Mtoto hana kimeng'enya cha kukata viungo vile. Asidi ya tumbo haivikati. Sukari inapita tumboni, inapita utumbo mwembamba, inafika utumbo mkubwa karibu yote kama ilivyotoka kwenye ziwa. Fanyeni hesabu: mtoto wa miezi miwili mitatu ananyonya kama mililita 750 kwa siku. Tukichukua gramu 10 kwa lita, ni gramu 7.5, karibu vijiko viwili vya chai vya sukari, kila siku, ambazo mwili wa mama umetumia nguvu kuzitengeneza na mtoto hazimfaidii moja kwa moja. Wanasayansi walijiuliza muda mrefu hizo ni za nani. Maziwa ya ng'ombe nayo yana sukari za namna hiyo, lakini chini ya sehemu moja ya mia ya zilizomo katika ya mama.

Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kalifonia, tawi la Davis, walisoma jeni zote za bifidobakteria mmoja anayeitwa infantis. Walikuta fungu la jeni zilizopangwa pamoja, herufi kama 43,000 kwa mfululizo, na karibu kila kitu humo kinahusu sukari za maziwa: za kuzikamata, za kuziingiza ndani ya seli, za kuzikata. Bakteria huyu ana kisu kwa kila kiungo ambacho mtoto hana.

Namna anavyokula ndiyo inayonifurahisha. Nendeni Kibirizi alfajiri mitumbwi ikirudi. Kuna mama anayenunua dagaa wake, anawatia ndooni, anafunika, anapanda bodaboda mpaka nyumbani. Atawaanika na kuwapepeta ndani ya uzio wake. Kuku wa jirani hapati hata kichwa kimoja. Huyo ni infantis. Anaikamata sukari nzima ukutani kwake, anaivuta ndani ikiwa haijakatwa, anaikatia humo humo. Kisha kuna yule anayechambulia pale pale mchangani, na pembeni yake bata na watoto wanasubiri. Huyo ni ndugu yake, anaitwa bifidum. Vimeng'enya vyake viko nje, juu ya ngozi yake; anaikata sukari katikati ya utumbo, anachukua anachotaka, vinavyobaki vinadondoka. Bifidobakteria wengine wasio na visu vyote, kama breve, wanaishi vizuri karibu naye, lakini hata wasio wa ukoo huo wanaweza kuokota.

Kwa hiyo jamii ya kwanza ya utumbo inategemea nani amefika na nani anakula kwa mtindo gani. Akiwepo infantis na maziwa yakiwa ya kutosha, sukari karibu yote inaishia ndani yake, na wengine wanakosa. Asipokuwepo yeye wala wenzake, sukari ile inatoka na choo, ikiwa nzima. Mama amepika, hakuna aliyekula.

Tofauti hii inaonekana kati ya nchi na nchi. Mwaka 2022 watafiti waliochunguza kinyesi cha watoto wachanga wa Wahadzabe, wenzetu wa huku huku Tanzania karibu na Ziwa Eyasi, walikuta infantis ndiye aliyetamalaki. Kwa watoto wa nchi za viwanda yeye ni adimu, na nafasi hiyo inashikwa zaidi na breve na ndugu zake. Kwa maana hiyo tunachokiona kwenye nepi huku si lazima kifanane na picha iliyomo kwenye kitabu kilichoandikwa Ulaya.

Tuje kwenye uchachu, maana ndio uliomtisha bibi. Bifidobakteria wana njia yao ya kuvunja sukari ambayo karibu hakuna bakteria wengine wanaoitumia. Kwa kila glukosi mbili wanatoa asidi ya siki tatu na asidi ya laktiki mbili, ile ya maziwa ya mgando. Ndiyo maana choo kilinuka mtindi. Kilikuwa na kitu kile kile. Asidi ya siki mtoto anaifyonza na kuitumia kama nishati, kwa hiyo ile sukari isiyomhusu inamrudia kwa mlango wa nyuma. Na asidi zote mbili zinauongeza uchachu wa utumbo, pH inashuka mpaka 5 na kitu kidogo, wakati utumbo usio na bifidobakteria wengi huwa 6 au zaidi. Msione 5 na 6.5 ni karibu. Kwenye kipimo hiki kila hatua moja ni mara kumi, kwa hiyo pH 5 ina uchachu mara 30 ya pH 6.5. E. koli na jamaa zake wengi wanaosumbua watoto hawastawi hapo.

Sasa mtaweza kumwelewa mtoto wetu. Bifidobakteria wanakufa kirahisi kwa amoksilini na ampisilini. (Jentamisini haiwagusi sana, kwa sababu inahitaji oksijeni ili iingie kwenye seli.) Nilipoandika E. koli, dawa ikawafyeka wenye panda, asidi ikapungua, pH ikapanda, na wale wekundu wachache wakapata kiwanja. Choo cha siku ya tano ndicho kilikuwa cha kuitwa kibaya, na tulikitengeneza sisi. Nisieleweke vibaya: mtoto mchanga mwenye dalili za maambukizi ya damu anapewa ampisilini na jentamisini, na anapewa mara moja. Huyu hakuwa na dalili hata moja.

Mnaziona karatasi hizi ndogo za rangi. Ni za kupima pH, na nimewaletea kila kituo kijisanduku kimoja. Mtu atachukua choo kibichi, cha sasa hivi, kwa kijiti, atakigusisha kwenye karatasi, atasubiri kama ilivyoandikwa kwenye boksi, atalinganisha rangi. Makosa ni matatu, na yote nimeyafanya. La kwanza ni mkojo: ukichanganyika, mnapima mkojo. Pampasi ndiyo mbaya zaidi, maana inanyonya maji ya choo na kuacha mabaki. Tumieni kitambaa safi. La pili ni kuchelewa, kwa sababu choo kikikaa bakteria wanaendelea na kazi na namba inabadilika. La tatu ni la kichwani. Karatasi haijui asidi imetoka kwa nani. Mtoto aliyetoka kuharisha kwa rota, utumbo wake mwembamba umechubuka, laktosi haimeng'enywi tena, inashuka chini inachacha, na choo chake kitasoma chini ya 5.5 vilevile. Kwa hiyo mtoto kwanza, karatasi baadaye. Kama choo kimebadilika ghafla kuliko kawaida yake, kama kuna damu, homa, utosi umebonyea au amekataa ziwa, acheni karatasi, mleteni. Anayenyonya, anayeongezeka uzito na kucheka, choo cha njano chachu mara nane kwa siku ni choo chake.

Mama mmoja mhudumu kutoka Kasulu aliniuliza pale nje kabla hatujaanza: vipi kuhusu maji kidogo kidogo, maana joto la mwezi wa tisa huku wote tunalijua? Mama, maji hayawauwi bifidobakteria. Lakini tumbo la mtoto ni dogo. Mililita 100 za maji ni mililita 100 za maziwa ambazo hakunyonya, na humo mlikuwa na gramu moja ya sukari yao. Mpe mara mbili kwa siku, umepunguza zaidi ya robo ya chakula chao. Uji wa mapema unafanya hivyo, halafu unaongeza wanga unaolisha bakteria wengine. Akifika miezi sita na kuanza kula, jamii ya utumbo itabadilika, na hapo ndipo inapotakiwa kubadilika.

Swali la pili, ambalo naona mkono umenyooshwa: kuna unga unauzwa wenye bakteria hawa, tununue? Naomba nijibu taratibu. Wamarekani walijaribu kuwapa watoto wanaonyonya infantis wa unga, kuanzia siku ya 7 ya maisha, kwa siku 21. Baada ya kusimamisha unga, bakteria waliendelea kubaki wiki kadhaa kwa sababu maziwa yaliendelea kuwalisha, na pH ya choo ilikuwa kama 5 badala ya karibu 6. Hiyo ni kweli. Lakini mwaka 2016 bidhaa 16 za namna hiyo zilipimwa, na iliyolingana na lebo yake sawasawa ilikuwa moja. Na mwaka 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo baada ya njiti aliyepewa bakteria wa namna hiyo kupata maambukizi ya damu kutoka kwa bakteria wale wale na kufariki. Njiti ngozi ya utumbo wake haijakomaa. Kwa hiyo unga wa dukani kwa njiti, hapana, labda daktari wa watoto aseme mwenyewe na amsimamie.

Nimalizie habari za yule mtoto, maana mmenikazia macho. Hatukumpa kitu kingine. Sharubati ilisimamishwa na daktari, mama akaendelea kunyonyesha, bibi akakubali, kwa shingo upande, kuiacha mizizi jikoni. Wiki moja baadaye nilipima: 6.5, slaidi bado nyekundu. Wiki ya pili panda chache. Wiki ya nne karatasi ilisoma 5.5, choo kikarudi njano, na slaidi ikawa zambarau. Hapo pia nikae kwenye mipaka yangu: rangi ile inaniambia ni vijiti vya zambarau, haiwezi kuniambia ni infantis au breve, wala kuwatenga kabisa na bakteria wa mtindi. Kwa hilo inahitajika kupima jeni.

Slaidi ya siku ya kwanza bado ninayo. Iko kwenye hadubini pale mlangoni, nimeshaiwekea oili. Anayetaka kuziona panda kwa macho yake apange foleni, ila naomba msiguse skrubu kubwa; lenzi ikigonga kioo, sina kingine.